Sentensi ya Tatu

Wiki iliyopita niliweka hapa pande zote mbili za mazungumzo, ujumbe wa wakala wa ajira na jibu la kijana, kwa ruhusa ya kijana mwenyewe na majina yakiwa yamefutwa. Mmesoma, mmeniandikia, na naona wengi mmegawanyika juu ya mshahara. Mshahara tutaufikia. Mimi usingizi ulinipotea kwa sababu ya sentensi ya tatu.

"Naomba niwe mkweli tangu mwanzo, sina uzoefu wowote wa kazi, ila niko tayari kujifunza na kufanya kazi yoyote."

Mchezo uliishia hapo. Mistari saba iliyobaki ni muda wa majeruhi tu, na wakala alikwishaondoka uwanjani kabla haujaisha. Jibu lake mliliona: "Asante kwa majibu, tutakutafuta nafasi ikipatikana." Nafasi ilikuwepo. Ndiyo iliyomfanya aandike.

Wasomaji watatu wamenijia juu kwamba kijana alikuwa mkweli, na kwamba ninawafundisha watoto wa watu kudanganya. Basi twende taratibu, maana hoja yangu ni kwamba sentensi ile haikuwa ya kweli.

Kwanza, nani alimfuata nani? Kijana hakuomba kazi. Alikuwa na ukurasa wake LinkedIn, ametulia nao, akafuatwa. Na mawakala hawafuati watu kwa kupiga ramli. Wana chombo chao cha kulipia chenye machujio: unaweka mji, unaweka fani, unaweka maneno ya ujuzi unaoutaka, unaweka hata chuo na mwaka wa kuhitimu. Majina yanatoka, unayafungua moja moja. Kijana huyu amehitimu juzi, na mwaka umeandikwa pale juu ya ukurasa kwa tarakimu nne. Wakala aliuona. Aliona pia kwamba hakuna mwajiri hata mmoja ukurasa mzima. Akaandika hivyo hivyo. Mtu amekuja mlangoni kwako huku anajua huna gari, wewe unamfungulia na salamu ya kwanza unamwambia samahani, sina gari.

Tena ujumbe wenyewe una gharama. Kumwandikia mtu ambaye hamjaunganishwa ni kutumia kile kinachoitwa InMail, na wakala hupewa idadi maalumu kulingana na anacholipia. Ukimjibu ndani ya siku 90, hata ukimkatalia, ile moja humrudia. Kwa maana hiyo jibu lolote la kijana lilikuwa na faida kwa wakala, yule dada. Kijana hakuwa na deni la kuomba radhi. Kama kuna aliyekuwa anaomba kitu siku hiyo, ni wakala.

Pili, na hili ndilo linaloniuma, hebu rudini kwenye maswali. Yalikuwa manne. Je, bado unatafuta kazi? Uliwahi kushika kumbukumbu za stoo, na kwa namna gani? Unaweza kuanza lini? Unatarajia mshahara kiasi gani? Hakuna mahali alipoulizwa ameajiriwa miaka mingapi. Swali la pili linauliza kitendo: uliwahi kushika, kwa namna gani. Wakala angeweza kuandika "una uzoefu gani?" kama wanavyoandika wote, lakini huyu alichagua maneno ambayo mtu wa fildi anaweza kuyajibu. Ni pasi iliyopigwa kwa upole kabisa mguuni. Kijana akaitoa nje.

Sasa someni ukurasa wake, kwa sababu alinitumia nao. Shahada ya ununuzi na ugavi. Chini yake: fildi ya wiki 8, stoo ya halmashauri, kushika kadi za stoo, kushiriki kuhesabu mali, kuoanisha kadi na leja. Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo yaliyomleta wakala, nina hakika nayo kama ninavyoijua njia ya nyumbani, kwa kuwa nafasi ilikuwa ya karani wa ghala na mwenye ghala huwa na maradhi mamoja tu: vitabu vinasema hivi, rafu inasema vile. Wakala anatafuta mtu aliyewahi kugusa hiyo tofauti kwa mkono wake. Anampata. Anamwuliza. Na mtu mwenyewe anajibu kwamba hana uzoefu wowote.

Neno lililoua ni hilo "wowote". Ondoa neno hilo, sentensi inakuwa na upungufu tu. Liache, inakana ukurasa wake mwenyewe, na wakala mwenye majina mengine kumi na mawili ya kufungua anabaki na maelezo mawili: ama huyu aliongopa kwenye ukurasa, ama fildi alikuwa anatumwa chai. Hana muda wa kuchunguza ni lipi. Anaandika "tutakutafuta".

Nilimpigia kijana simu Jumamosi, nikamwuliza alifanya nini hasa kwenye ile stoo. Alianza kwa kuguna, kama wote. Nikambana. Akanisimulia kuhusu karatasi za A4.

Wenye fani mnajua mpangilio, kwa hiyo sitawachosha. Kadi inakaa rafuni na mali, inaonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Leja iko ofisini. Rafu yenyewe ndiyo shahidi wa tatu. Wiki ya tano ya fildi wakahesabu, na kadi ya karatasi ikasema rimu 46. Leja nayo 46. Rafuni zilikuwa 34. Kumi na mbili hazionekani, na mtunza stoo, mzee wa watu, ameanza kutokwa jasho maana anajua neno linalofuata ni wizi.

Kijana akapewa bunda la hati za kutolea vifaa, azipitie moja moja na kuzilinganisha na kadi. Zoezi la kuchosha, ndiyo maana hupewa mtu wa fildi. Siku ya pili akaikuta: idara moja ilichukua karatasi 3. Kwenye hati imeandikwa maboksi 3. Kwenye kadi, ambayo hesabu yake ni ya rimu, imeandikwa 3. Boksi moja lina rimu 5, kwa hiyo zilitoka 15 zikafutwa 3. Kumi na tano toa tatu ni kumi na mbili. Leja ilikubaliana na kadi kwa sababu ilinakiliwa kutoka kwenye kadi, si kutoka kwenye hati, na hilo ni kosa la pili ambalo kijana aliligundua mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Nikamwuliza: hili hukuliandika kwa nini? Akasema, "Mzee, ile ilikuwa fildi tu."

Fildi tu! Hapa naomba mnivumilie, hii ngoma yangu ya zamani mnaijua. Tumewajaza vijana semina za kumbi za hoteli, mtu amevaa suti anawaambia wawe wanyenyekevu, wawe wakweli kuhusu mapungufu yao, waonyeshe utayari wa kujifunza. Steshenari za mjini zinauza barua zilizokwisha kuandikwa, unajaza jina tu, na zote zina mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Kijana anatoka humo akiwa hajui kusimulia rimu 12, lakini anajua kuungama. Na matangazo ya kazi ndiyo yaliyomaliza kabisa: karani anatakiwa awe na uzoefu wa miaka mitatu. Mtoto akisoma matangazo arobaini ya namna hiyo, siku akiulizwa jambo lolote anasikia swali lile lile.

Zamani haikuwa hivi. Najua mtacheka, lakini semeni mpendavyo. Miaka ya tisini nilikuwa karani wa utumishi kwenye chama kimoja cha ushirika, kazi yangu ikiwa kufungua barua za sanduku la posta na kuzipanga kwenye mafaili. Ikaja barua ya binti aliyemaliza chuo cha biashara, hajaajiriwa popote. Kwa mwandiko wa mkono, mistari iliyonyooka kama imepigwa rula. Aliandika kwamba likizo tatu mfululizo alishika daftari la madeni la duka la mjomba wake Songea, kwamba wadaiwa walikuwa wengi na wengine walikana, na kwamba alianzisha utaratibu wa mdaiwa kutia saini kila anapochukua. Akaambatanisha ukurasa mmoja alioupigia mistari mwenyewe kuonyesha daftari lilivyokuwa. Basi. Hakusema kama ana uzoefu au hana. Bosi wangu aliuangalia ule ukurasa kwa muda mrefu kuliko vyeti vyote vilivyokuwa mezani, na yule binti nilimwacha pale akiwa mkuu wa stoo. (Mtaniambia miaka ile kulikuwa na vimemo. Vilikuwepo, na nimevishika kwa mikono yangu. Yeye hakuwa nacho.)

Ukweli, basi, ulitakiwa kusemwaje? Kijana hajawahi kuajiriwa, na hilo asilifiche. Lakini kutoajiriwa ni jambo la mkataba, na kufanya kazi ni jambo la mikono. La kwanza linasemwa mara moja, kwa maneno makavu, mahali pake, bila samahani wala "ila". La pili ndilo jibu la swali. Ningekuwa yeye ningeandika hivi:

"Bado natafuta kazi. Sijaajiriwa bado, kumbukumbu za stoo nilizishika wiki 8 za fildi kwenye stoo ya halmashauri, kwa kadi na leja za karatasi. Kwenye kuhesabu mali tulikuta kadi inazidi rafu kwa rimu 12 za karatasi. Nilipitia hati za kutolea nikakuta maboksi 3 yaliandikwa kwenye kadi kama rimu 3. Naweza kuanza Jumatatu yoyote."

Sentensi tano, na wakala anaweza kuzinakili kama zilivyo akamtumia mteja wake. Hilo watu hawalifikirii. Wakala si mwisho wa safari. Anachokiandika kijana kinapelekwa mbele kwa mtu wa ghala, na wakala mwenyewe pengine hajui kadi inafananaje. Ukimpa "niko tayari kujifunza" hana cha kupeleka. Ukimpa rimu 12, anapeleka.

Kuna mpaka, na niuseme kabla hawajanivamia tena. Andika kile tu unachoweza kukisimulia mbele ya mtunza ghala wa miaka ishirini, kwa sababu swali la kwanza la usaili litatoka hapo hapo. Kama zoezi la hati lilifanywa na mwenzako wewe ukiwa unashika daftari, andika kwamba ulishika daftari. Na kama nafasi inahitaji mtu wa kusimamia ghala zima, wiki 8 hazitoshi hata uzieleze kwa tenzi. Hapo jibu zuri ni kusema haikufai kwa sasa na kumwomba akukumbuke kwenye ya karani. Nayo si aibu, na InMail yake inarudi.

"Kazi yoyote" nalo sijalisamehe. Mtu ametafuta kwa chujio mtu wa stoo, wewe unamwambia hata kuuza maji utauza. Umejitoa kwenye kabati ulilokuwa umewekwa, na hakuna kabati la watu wa kazi yoyote.

Haya, mshahara, mliokuwa mnaungojea. Kijana aliandika: "Sina kiwango maalum, nitapokea chochote mtakachoona kinafaa." Wengi mmemtetea kwamba ataje nini naye hajui soko. Nakubali nusu. Kosa hili ni dogo kuliko lile la kwanza, lakini lina hesabu ndani yake, na hesabu hiyo wahitimu wengi hawajaipiga hata mara moja.

Tuseme angetajiwa laki nane kabla ya makato, Tanzania Bara, sekta binafsi. Mfuko wa hifadhi ya jamii huchukua kwa mfanyakazi, kwa kawaida, asilimia 10, yaani 80,000. Inabaki 720,000 ya kutozwa kodi. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi. Kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, sawa na 20,000. Na 200,000 za juu yake ni asilimia 20, sawa na 40,000. Kodi 60,000. Kisha inakuja ile inayosahaulika: kijana amesoma kwa mkopo, na Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kama laki nane yote ni ya msingi, hiyo ni 120,000. Jumlisha makato: 260,000. Mkononi 540,000.

Kwa hiyo "chochote" chake kina sakafu, hata kama hajaiona. Anakaa Kibaha, alinambia. Kama ghala liko Vingunguti au Kurasini, nauli na chakula cha mchana vitakula fungu zuri la hiyo laki tano na nusu, na atakuwa ameacha kazi kabla ya mwezi wa nne, jambo ambalo wakala analiogopa kuliko mshahara mkubwa. Angeweza kuandika: "Kwa nafasi ya karani ninafikiria kati ya laki saba na laki nane kabla ya makato, itategemea ghala liko wapi na kama kuna usafiri." Si lazima apatie. Cha muhimu ni yale maneno "kabla ya makato", kwa sababu bila hayo yeye atakuwa anawaza mkononi na wakala anawaza kwenye mkataba, na watakutana siku ya kwanza ya mshahara wakiwa maadui.

Ile "itategemea ghala liko wapi" ingemlazimisha pia wakala kufungua mdomo. Na hapa sina budi kumgeukia yule dada, maana mnaniona kama nimemwonea kijana peke yake. Aliandika Kiswahili, maswali yamenyooka, hakuomba hela ya fomu wala ya "usajili". Nampa hongera yake. (Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, ibara ya 7, unasema wakala asimtoze mtafuta kazi, anayekuomba chochote, mwachie ukurasa wake na uende zako.) Lakini hakusema mwajiri ni nani wala ghala liko mtaa gani. "Mteja wetu, kampuni kubwa ya usambazaji." Ugomvi wangu na mawakala juu ya jambo hili una miaka mingi. Sababu naijua: wanalipwa na mwajiri mtu akipatikana, wanaogopa ukitajiwa jina utaenda mwenyewe getini. Sawa, lifiche jina. Mtaa unafichwa kwa nini? Kijana alikuwa na haki ya kuuliza mambo mawili tu, eneo na aina ya mkataba, na hakuuliza hata moja. Mtu aliyekwisha kuomba radhi hawezi kuuliza maswali. Sentensi ya tatu ilimfunga mdomo kwa mistari yote iliyofuata.

Mengine kijana alifanya vizuri: alijibu siku ile ile, alimwita kwa jina lake sahihi, faili la wasifu lilikuwa la PDF lenye jina lake, na namba ya simu inapatikana.

Mmeuliza kama mlango umefungwa. Nilimwambia kijana aandike tena, ujumbe mfupi, bila kurudia kuomba radhi na bila kueleza kwa nini anaandika mara ya pili. Aanze moja kwa moja: "Sikujibu vizuri swali lako la pili," kisha zile rimu. Alisita siku mbili, akidai ataonekana msumbufu. Jumanne asubuhi akautuma.

Jumanne jioni wakala akajibu kwa mstari mmoja: "Hizo kadi na leja mlizisawazisha vipi baada ya kugundua?"

Kijana amenipigia usiku anauliza ajibu nini, kwa sababu marekebisho yalifanywa na mtunza stoo na mhasibu; yeye aliandika tu maelezo ya tofauti, karatasi moja, wakubwa wakaitia saini. Nimemwambia aandike hivyo hivyo.